Mtaro wa wazi, bomba la chini au shimo la kunyonya: kipi kinafaa kuondoa maji ya mvua kwenye msingi wako

Watu wengi waliojenga Goba, Kimara, Mbezi na kule kote kwenye miinuko ya Dar wakishaona masika ya kwanza swali lao linakuwa moja, nijenge mtaro wa wazi, nifukie bomba au nichimbe shimo maji yazame chini huko huko? Na mara nyingi wanaenda kumuuliza fundi ambaye anajua kitu kimoja, basi wanauziwa hicho hicho. Ngoja nivilinganishe vyote hapa ili ukimuita fundi uwe unajua unachotaka, ila kabla ya hapo kuna jambo lazima tukubaliane, hivyo vitu vitatu havifanyi kazi moja. Kuna maji yanayotoka kwenye bati lako, kuna maji yanayoshuka kutoka kwa jirani wa juu, na kuna maji yanayotembea ndani ya udongo usiyaone kabisa. Ukichanganya hayo matatu utatumia hela nyingi na ukuta utaendelea kula unyevu.

Tuanze na hesabu maana ndiyo inayoamua. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, ni rahisi hivyo. Chukua nyumba ya kawaida ya mita 10 kwa 12, ukiongeza na bati linalotoka nje unapata kama mita za mraba 150. Ikipiga mvua ya milimita 50 ndani ya nusu saa, na masika hiyo inatokea, bati peke yake limekupa lita 7,500. Sasa huko juu kuna kiwanja cha jirani cha mita 20 kwa 25, mvua ile ile imemwaga lita 25,000, tuseme theluthi inazama ardhini, bado karibu lita 17,000 zinashuka kwako. Kwa hiyo ndani ya nusu saa una lita kama 24,500 zinazotafuta njia, karibu matenki matano ya lita 5,000. Shika hiyo namba, tutairudia.

Mteremko wa ardhi kwanza, hata kama utajenga mtaro wa aina gani

Hii ndiyo ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo watu wanairuka. Ardhi inayozunguka nyumba inatakiwa ishuke kutoka ukutani kwenda nje kwa sentimita 5 kila mita kwenye mita 3 za mwanzo, yaani ukifika mita 3 uwe umeshuka sentimita 15. Kama ni zege au pevingi basi hata sentimita 2 kila mita zinatosha kwa sababu maji hayazami, yanateleza.

Kupima huhitaji mtaalamu, chukua mpira wa levo ule wa kuonyesha maji, chomeka mti mmoja ukutani na mwingine mita 3 kutoka ukutani, weka alama ya usawa wa maji kwenye miti yote miwili halafu pima kutoka kwenye alama kushuka chini. Ukutani ukipata sentimita 40 na kule nje ukipata 55, uko vizuri, umeshuka 15. Ukutani ukipata 40 na nje ukipata 35 maana yake ardhi yako inamwagia nyumba maji, na hapo hakuna mtaro utakaokusaidia mpaka urekebishe hilo.

Kwa nini nyumba mpya nyingi zinakuwa hivyo? Kwa sababu mtaro wa msingi ulipochimbwa uliachwa mpana kuliko ukuta, wakamaliza kujenga wakarudishia udongo kwa koleo bila kushindilia. Ukipita mwaka mmoja au miwili ule udongo unalala, pembeni ya ukuta kunakuwa na kibonde, maji yanakaa pale pale msingini. Angalia pembeni ya ukuta wako baada ya mvua, kama kuna mstari wa matope uliobonyea unaofuata ukuta basi ni hiyo.

Kujaza kwake usitumie mchanga, mchanga unapitisha maji yanaenda moja kwa moja chini. Tumia moramu au udongo wenye mfinyanzi kiasi, mwaga tabaka la sentimita 15, mwagia maji kidogo, shindilia, ndipo uweke tabaka lingine. Na hapa kuna kosa linaloharibu nyumba nyingi, ukipandisha udongo angalia usiifikie dipisii, lile tabaka la ukutani linalozuia unyevu usipande, ardhi ibaki chini yake angalau sentimita 15. Nimeona nyumba nzuri kabisa mwenye nyumba kaweka pevingi ya kupendeza imeipita dipisii kwa juu, mwaka uliofuata rangi ya ndani imeanza kubanduka kwa sababu maji yanapita juu ya kile kizuizi yanaingia ukutani. Ukikosa nafasi ya kupandisha udongo basi shusha ule wa nje, uchonge.

Juu ya hapo weka zege la kuzunguka nyumba, upana mita 1, unene kama sentimita 8 hadi 10, limelala kwenda nje. Lile zege lisishikane na ukuta kwa sementi, acha upenyo mdogo ujaze lami au silikoni, kwa sababu zege litacheza na ukuta utacheza na wakishikana utapata ufa ambao ndio mlango wa maji.

Mtaro wa wazi dhidi ya bomba la kufukia

Hapa ndipo mabishano yalipo. Bomba linapendeza, huoni kitu, gari linapita juu, watoto hawatumbukii. Mtaro wa wazi unakula nafasi na ukiwa mchafu nyumba inaonekana mbaya. Lakini twende kwenye ile namba.

Bomba la plastiki la inchi 4 lililolazwa kwa mteremko wa sentimita 1 kila mita, likiwa jipya na safi, linapitisha kama lita 7 kwa sekunde. Kwa nusu saa ni kama lita 12,600. Maji ya bati lako ni 7,500, kwa hiyo kwa bati peke yake bomba linatosha kabisa na linabaki na nafasi. Ila ukiliambia libebe na ya jirani, lita 24,500, limeshindwa, yaliyobaki yatatafuta njia yake na njia yake ni ukutani kwako. Sasa mtaro wa upana wa sentimita 30 na kina sentimita 30, mteremko ule ule, maji yakifika kina cha sentimita 20 tu unapitisha zaidi ya lita 70 kwa sekunde, mara kumi ya bomba. Ndiyo maana mtaro unaonekana mkubwa bila sababu siku za kiangazi na siku ya mvua unaona sababu yake.

Utaniambia weka bomba la inchi 6. Sawa, linapitisha kama lita 18 kwa sekunde likiwa safi, kwenye karatasi linatosha. Shida ni kwamba maji ya kutoka kwa jirani hayaji peke yake, yanakuja na mchanga, majani, mifuko, chupa. Udongo wa miinuko ile ni wa kichanga unaomomonyoka, mvua moja tu unashusha toroli kadhaa za mchanga. Ndani ya bomba ule mchanga unalala pale mteremko ulipopungua, na huoni. Utajua siku maji yanaporudi juu kwenye chemba, tena usiku mvua ikiwa imekolea. Mtaro wa wazi ukiziba unaona asubuhi, unachukua koleo, nusu saa umemaliza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: bomba kwa maji ya bati, mtaro wa wazi kwa maji yanayotembea juu ya ardhi. Maji ya bati ni masafi, yanatoka kwenye gata yanashuka yanaingia chembani, weka wavu pale juu kuzuia majani, weka chemba kila kona bomba linapokata na kila baada ya mita 10 au 12 ili uweze kuzibua, na usiwakubalie wanaokata kona ya nyuzi 90 chini ya ardhi bila chemba. Na bomba la maji ya mvua lisiingie kwenye septiki hata siku moja, watu wanafanya hivyo kwa kuwa ni karibu, septiki inajaa maji ya mvua na uchafu unarudi bafuni.

Kama mtaro unakukera kwa macho, ufunike na visilabu vya zege vya nusu mita nusu mita, watu wawili wanaweza kuvinyanyua, na getini weka wavu wa nondo. Usiumwage zege la juu moja kwa moja, ukifanya hivyo umetengeneza bomba ambalo huwezi kulisafisha.

Mtaro ukae wapi

Watu wanaujenga umebana ukuta wa nyumba kabisa, wanaona ndio unalinda msingi. Hapana. Mtaro wa sementi siku moja utapata ufa, na ukipata ufa ukiwa umegusana na msingi unakuwa unamwagilia msingi kila mvua. Uanze baada ya lile zege la mita 1, ukiweza mbali zaidi. Na ule unaozuia maji ya jirani uweke juu kabisa, karibu na mpaka, maji yakamatwe kabla hayajaisogelea nyumba.

Nitoe mfano wa kazi moja ya Goba, kiwanja cha ukubwa ule ule wa mita 20 kwa 25, nyumba imekaa katikati, ardhi inashuka kutoka nyuma kuja barabarani kama mita moja na nusu. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaweka mtaro umebana ukuta wa nyuma, na chumba cha nyuma ukuta umeloa mpaka usawa wa kitanda. Akasema, "Fundi, mimi nataka unipigie sementi ya kuzuia maji hapa ndani, rangi ishike." Fundi akamjibu, "Mama, nikipiga humu ndani maji yatapanda juu zaidi yatokee pale ninapoishia, hebu tutoke nje kwanza." Akachukua ndoo ya maji akaimwaga ndani ya mtaro ule, akaziba mwisho wake kwa matope, tukasubiri. Baada ya muda maji yameshuka karibu nusu na hakuna yalipotokea. Yalikuwa yanaingia msingini kupitia ufa wa kwenye maungio ya sakafu ya mtaro na ukuta wake.

Kilichofanyika, mtaro ule wa zamani ulivunjwa, pakajazwa moramu ikashindiliwa, juu zege la mita 1 limelala nje. Kule nyuma mpakani ukachimbwa mtaro mpya wa sentimita 30 kwa 30, wa mita 20, ila haukulala upande mmoja, katikati ndipo juu zaidi halafu unashuka kulia na kushoto, mita 10 kila upande, sentimita 10 za kushuka. Hivyo maji yanagawanyika na kila mtaro wa pembeni unabeba nusu. Sakafu ya zege sentimita 10, kuta za tofali, ripu ya ndani. Ukuta wa mtaro upande wa mlimani ukaachiwa vitundu kila mita moja na nyuma yake kokoto, kwa sababu udongo wa juu ukishiba maji unasukuma, usipoupa pa kutokea utauangusha ukuta wa mtaro ndani ya misimu michache.

Mitaro ya pembeni ndiyo ilikuwa na kazi, mita 25 kushuka mita moja na nusu ni sentimita 6 kila mita, hiyo ni kali. Maji yakikimbia namna hiyo yanachimba sakafu na yakitoka mwisho yanachimba shimo. Kwa hiyo ulijengwa kwa ngazi, kila mita 3 unadondoka kidogo, na sakafu imepangwa mawe yaliyojitokeza ili maji yapunguze mbio. Mwisho, kabla ya kuingia mtaro wa barabara, pakapangwa mawe makubwa mita moja na nusu. Hapo mwisho pasipopangwa mawe ndipo mitaro mingi inapoanzia kufa, maji yanachimba chini ya mdomo, sakafu inabaki inaning'inia hewani, inakatika kipande kwa kipande kurudi nyuma mpaka nyumbani. Na kuunganisha kwenye mtaro wa barabara pitia kwanza serikali ya mtaa na wenye barabara, huko mitaani ni TARURA, maana ukimwagia tu barabarani au kwa jirani wa chini umehamisha kesi, hujamaliza.

Ukuta wa ndani haukuguswa mpaka masika yakapita na tofali zikakauka, ndipo ripu iliyooza ikabanduliwa ikapigwa mpya. Ukiwahi kupaka rangi tofali zikiwa na maji utapaka tena.

Shimo la kunyonya

Hili ni zuri sana ukiwa mahali sahihi na ni balaa ukiwa mahali pabaya. Kwanza pima udongo. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30 kufikia kina unachotaka shimo lifanye kazi, jaza maji yaishe, kisha mwaga tena sentimita 30 uangalie saa. Yakiisha ndani ya saa moja una mchanga mzuri, endelea. Yakiwa bado yapo kesho yake, acha hilo wazo, udongo wako haunywi. Na ufanye kipimo masika, maana sehemu za karibu na bahari kama Kigamboni na Mikocheni kiangazi mchanga unakunywa vizuri lakini masika maji ya chini yanapanda, shimo linajaa kutokea chini na halina pa kuweka ya kwako.

Pili ni ukubwa. Lita 7,500 za bati ni mita za ujazo 7 na nusu. Watu wanachimba shimo la ukubwa huo halafu wanajaza mawe, wanasahau mawe yanachukua nafasi, kinachobaki wazi ni kama theluthi na kidogo. Ukitaka shimo la mawe lipokee hizo lita unahitaji kama mita za ujazo 20, mfano mita 3 kwa 3 kina mita 2 na robo. Shimo la kujengwa tofali zenye matundu bila kujaza mawe linatosha kipenyo mita 2 na kina mita 2 na nusu hivi, ila hilo lazima mfuniko wake uwe wa zege lenye nondo na lisipitiwe na gari. Kwa vyovyote liwe mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi, mbali na septiki, na usilipelekee maji ya ardhi yenye tope, litaziba kuta zake na halizibuki, utachimba lingine. Maji ya bati tu. Na lazima liwe na tundu la kumwagia nje likijaa.

Kwenye kiwanja cha mteremko kama kile cha Goba sikushauri kabisa, maji unayozamisha nyuma ya nyumba yanatembea chini ya udongo yanatokea mbele, njiani yanapita chini ya msingi wako au wa jirani wa chini.

Mtaro wa kokoto wenye bomba la matundu

Huu watu wanauona kwenye video wanauagiza kila mahali. Unachimbwa, unatandikwa kitambaa cha kuchujia, bomba lenye matundu, kokoto za robo tatu inchi, kitambaa kinafunikwa juu. Kazi yake ni maji ya ndani ya udongo, yale yanayotoka kwenye kingo ulipochonga mlima kupata kiwanja, unaona udongo unatoa jasho hata siku 3 baada ya mvua kukata. Hapo hakuna kinachouzidi, unauweka chini ya kingo na kina chake kiende chini zaidi ya sakafu yako. Kwa mafuriko ya juu ya ardhi haufai, kokoto haziwezi kumeza maji kwa kasi ile na tope linaziba kitambaa. Usipoweka kitambaa ili upunguze gharama ndiyo kabisa, mchanga unaingia kati ya kokoto na baada ya misimu michache umefukia kokoto tu.

Udongo mweusi wa mbuga

Hapa mambo yanabadilika. Huu udongo ukilowa unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka, na nyumba inapasuka kwa sababu upande mmoja umelowa na mwingine mkavu, unaona nyufa za ngazi zinazofuata maungio ya tofali kuanzia kona za madirisha. Shimo la kunyonya hapana, miti mikubwa karibu hapana, bomba linalovuja ni hatari kuliko kutokuwa na bomba. Zege la kuzunguka liwe pana, mita 1 na nusu, mtaro wa wazi uwe mbali na ukaguliwe nyufa kila kabla ya vuli na masika. Udongo ubaki kwenye hali moja mwaka mzima, hiyo ndiyo shabaha.

Hela ikiwa haitoshi vyote

Fuata mpangilio huu. Rekebisha mteremko wa mita 3 za kuzunguka, hiyo ni nguvu kazi na moramu. Halafu mtaro wa upande wa juu, hata uwe wa udongo tu uliochongwa vizuri na kuoteshwa nyasi, utakusaidia msimu mmoja au miwili. Halafu gata, na maji yake yaelekezwe mtaroni, maana gata linalomwaga kona ya nyumba ni baya kuliko bati lisilo na gata, limekusanya lita 7,500 na kuzimwaga sehemu moja. Zege la kuzunguka nyumba, sementi ya mtaro na bomba vifuate mfuko ukiruhusu.

Na kama kiwanja chenyewe kiko bondeni kwenye njia ya mto, kama yale maeneo ya Jangwani na kando ya Msimbazi, hakuna hata kimoja hapo juu kitakachokusaidia, pale maji yanakuja kutoka mtoni na mtaro wako unageuka kuwa njia ya kuyaingiza. Mvua za Desemba 2011 watu walitolewa kule wakapewa viwanja Mabwepande. Kabla ya kununua kiwanja, kiende ukikiangalie siku mvua inanyesha, uangalie kuta za majirani zina mstari wa tope usawa gani, na uwaulize waliokaa pale muda mrefu maji yanafika wapi.